Kutoka Kisu cha Beatson hadi Kidonge cha Tamoksifeni

Mwaka 1896, Wajerumani wakiwa bado hawajafungua hospitali yao ya ufukweni Dar es Salaam, ile ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, daktari mmoja wa Glasgow, George Beatson, alichapisha habari iliyowashangaza wenzake. Mgonjwa wake alikuwa na saratani ya titi iliyorudi na kuenea kifuani. Beatson hakuligusa titi tena. Alimtoa ovari zote mbili, na uvimbe ukanywea. Madaktari wengine wakaiga, kisha hesabu ikawarudisha chini: ni kama mmoja kati ya watatu tu aliyepata nafuu. Wagonjwa wengine walipoteza ovari bure, na hakuna aliyeweza kusema mapema nani yuko kundi lipi.

Jibu lilichukua zaidi ya miaka 60. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Elwood Jensen wa Chicago aliitia estrojeni alama ya mionzi, akawapa panya, akaifuatilia. Misuli iliiachia upesi. Mfuko wa uzazi uliing'ang'ania. Ndani ya seli zake mlikuwa na protini inayoidaka homoni hiyo, yaani kipokezi. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya saratani za titi zinacho na nyingine hazina, na zile zisizonacho ndizo ambazo kisu cha Beatson hakikuzigusa.

Wakati huohuo kampuni ya ICI ya Uingereza ilikuwa inatafuta dawa ya uzazi wa mpango. Mkemia Dora Richardson alitengeneza tamoksifeni mwaka 1962. Panya waliopewa hawakushika mimba. Wanawake, kinyume chake, ovari zao zilichangamka. Kwa kazi iliyotumwa, ilishindwa vibaya. Iliokolewa na majaribio ya saratani yaliyofanyika Manchester, na mwaka 1973 ikaruhusiwa Uingereza.

Inavyofanya kazi ni hivi. Estrojeni ikiingia kwenye kipokezi, sehemu ya protini hujikunja na kuifunika kama mfuniko wa sufuria. Umbo hilo jipya huzikaribisha protini saidizi, na jeni za kuzaliana kwa seli huamka. Tamoksifeni huingia mlemle, ila ina mkono mrefu unaochomoza nje, mfuniko haufungi, protini saidizi hazina pa kushika. Lakini seli za mfuko wa uzazi zina wasaidizi wa aina tofauti, na huko tamoksifeni hutenda kama estrojeni yenyewe. Ndiyo sababu mama aliyekoma hedhi akiona damu huku anaitumia, asingoje kliniki ijayo.

Vizuia aromatasi, kama anastrozoli na letrozoli, havikigusi kipokezi. Vinazima kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni. Kwa aliyekoma hedhi, kimeng'enya hicho kinafanya kazi zaidi kwenye mafuta ya mwili, na dawa hukimaliza. Kwa ambaye bado anapata siku zake, ubongo ukiona estrojeni inapungua huzichochea ovari zaidi. Ndiyo maana letrozoli hiyohiyo hutumiwa kuwasaidia wanawake kushika mimba. Kumpa mgonjwa ambaye bado anapata hedhi dawa hizi peke yake ni kosa. Kwanza ovari zizimwe kwa sindano au ziondolewe.

Sasa mchukulie mwanamke wa miaka 42 wa Mkange, bado anapata hedhi, mwenye saratani ya titi. Ikithibitika kuwa kipokezi kipo, dawa ya kawaida ni tamoksifeni miligramu 20 kila siku kwa miaka 5, pengine 10. Akiwa pia kwenye dawa za kifua kikuu, daktari aambiwe, kwa sababu rifampisini hulifanya ini kuimaliza tamoksifeni haraka mno. Na ini lenyewe hutofautiana: ndilo linaloigeuza dawa hii kuwa endoksifeni, umbo lenye nguvu zaidi, kwa kimeng'enya CYP2D6, na watafiti waliowapima Watanzania walikuta aina za kimeng'enya hicho zinazokwenda polepole. Bado haijakubalika kwamba kila mgonjwa apimwe hilo.

Yote hayo lakini yananing'inia kwenye kipande kidogo cha nyama kilichokatwa siku ya kwanza. Kipande hicho kinapaswa kuzama kwenye formalini ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikikaa mkavu kikisubiri gari la kwenda mjini, kipokezi huoza na jibu huja "hasi" kwa saratani ambayo ni chanya, na mgonjwa ananyimwa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemfaa. Daktari wa patholojia makini hutazama vifereji vizima vya maziwa vilivyomo kwenye kipande hichohicho, kwa kuwa baadhi ya seli zake huwa na kipokezi siku zote. Navyo visipopata rangi, jibu hilo si hasi. Kipimo kimeharibika, na kirudiwe.