Matukio Yanayozuiana Si Matukio Huru

Hesabu za uwezekano zina istilahi mbili ambazo wanafunzi huzichanganya tangu sekondari hadi chuo kikuu. Moja ni ya matukio ambayo likitokea hili, lile haliwezi kutokea katika jaribio hilohilo. Nyingine ni ya matukio ambayo kujua kwamba hili limetokea hakubadilishi chochote katika makadirio yetu ya lile. Hii ya pili imeshapata jina lililozoeleka, nalo ni matukio huru. Ile ya kwanza bado inatangatanga: wengine huandika matukio yasiyoingiliana, wengine matukio yanayotengana, wengine yasiyotokea pamoja. Ninashikilia kwamba majina mawili ya mwanzo yanachangia kosa lenyewe. Ukimwambia mtu kwamba vitu viwili haviingiliani, ataelewa kwamba kila kimoja kina mambo yake na hakimgusi mwenzake, na hiyo ndiyo maana ya kuwa huru. Wakati ukweli ni kinyume chake: matukio yasiyoweza kutokea pamoja yanagusana kuliko matukio mengine yote. Kwa hiyo hapa nitayaita matukio yanayozuiana, kwa sababu kitenzi hicho kinasema wazi kwamba kuna kinachofanyika kati yao.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ni fupi. Matukio X na Y yanazuiana ikiwa hayana tokeo hata moja la pamoja, hivyo uwezekano wa yote mawili kutokea ni sifuri. Matukio hayohayo ni huru ikiwa P(X na Y) = P(X) × P(Y), na hivi ndivyo Andrei Kolmogorov alivyolifasili jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1933 kilichoipa fani hii msingi wake wa kisasa. Sasa tuyadai yote mawili kwa pamoja. Upande wa kushoto ni sifuri, basi zao la upande wa kulia nalo lazima liwe sifuri. Na zao la namba mbili haliwi sifuri mpaka moja kati yake iwe sifuri. Maana yake ni kwamba sifa hizi mbili hukutana pale tu ambapo tukio mojawapo lina uwezekano wa sifuri. Matukio mawili yenye uwezekano halisi, hata ukiwa mdogo kiasi gani, yakizuiana hayawezi kuwa huru.

Uthibitisho huo wa mistari michache hukubaliwa haraka na kusahauliwa haraka, kwa sababu hauonyeshi kinachoendelea. Makundi ya damu yanaonyesha. Mtaalamu wa maabara anapopima kundi, huweka matone mawili ya damu ya mtu huyohuyo kwenye kigae cheupe. La kwanza hulichanganya na kimiminika chenye kingamwili dhidi ya alama A, la pili na chenye kingamwili dhidi ya alama B, kisha hukitikisa kigae polepole. Chembe nyekundu zenye alama husika hushikamana na kufanya vidonge vidogo vinavyoonekana kwa macho, na zisizo nayo hubaki laini kama zilivyokuwa. Tone la kwanza likishikamana peke yake, mtu ni wa kundi A. Likishikamana la pili peke yake, ni B. Yakishikamana yote mawili ni AB, na yasiposhikamana yote ni O.

Tazama kwamba kigae hicho kina matukio ya aina mbili. Makundi manne yenyewe yanazuiana, kwani hakuna mtu ambaye ni wa kundi A na pia wa kundi B. Lakini kuwa na alama A na kuwa na alama B hayazuiani, ndiyo maana kundi AB lipo. Je, matukio haya mawili ya mwisho ni huru? Swali hili liliwahi kuwa swali la kweli la kisayansi. Karl Landsteiner aliyaeleza makundi ya kwanza huko Viyena mwaka 1901. Karibu miaka 10 baadaye, Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld walionyesha kwamba makundi hurithiwa, wakapendekeza kwamba alama A inaamuliwa na jozi moja ya jeni na alama B na jozi nyingine, na jozi hizo mbili hurithiwa bila kutegemeana. Pendekezo lilikuwa la busara. Alama mbili, jozi mbili, kila moja na njia yake.

Mwaka 1924 mwanahisabati wa Göttingen, Felix Bernstein, alilipima pendekezo hilo kwa kanuni ya kuzidisha. Kama alama A na alama B ni huru, basi sehemu ya watu wenye zote mbili inapaswa kuwa zao la sehemu ya wenye A na sehemu ya wenye B. Takwimu zilikuwepo, kwani Ludwik na mkewe Hanna Hirszfeld walikuwa wamepima damu ya maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali huko Saloniki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zao halikulingana na takwimu. Watu wa kundi AB walikuwa wachache kuliko ilivyotarajiwa, na upungufu huo haukuwa wa taifa moja tu ambao ungeweza kuitwa bahati. Ulijirudia taifa baada ya taifa, na daima kwa upande uleule.

Bernstein alieleza sababu, na hapo ndipo istilahi zetu mbili zinapokutana katika mwili mmoja. Alisema hakuna jozi mbili za jeni, ipo moja tu. Jeni hiyo ina sura tatu: A, B na O. Kila mtu hubeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika nakala moja sura hizo zinazuiana: nakala ikiwa A, haiwezi kuwa B. Lakini nakala ya baba na nakala ya mama ni huru, maadamu watu hawaoani kwa kuchagua makundi ya damu. Kuzuiana kumo ndani ya nakala, uhuru umo kati ya nakala na nakala.

Tuone kwa namba nilizozichagua ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme katika jamii fulani asilimia 20 ya nakala zote ni A, asilimia 10 ni B na asilimia 70 ni O. Tuchukue watu 10,000. Ili mtu awe AB, apate A kwa baba na B kwa mama, au B kwa baba na A kwa mama. Kila njia ina uwezekano wa 0.2 × 0.1, yaani 0.02. Hapa tumezidisha kwa sababu baba na mama ni huru. Kisha tunazijumlisha njia hizo mbili kwa sababu zinazuiana, tunapata 0.04, yaani watu 400. Kwa mwendo huohuo O ni watu 4,900, A ni 3,200 na B ni 1,500. Sasa wenye alama A, wawe wa kundi A au AB, ni 3,600. Wenye alama B ni 1,900. Kama alama hizi zingekuwa huru, wenye zote mbili wangekuwa 0.36 × 0.19 ya watu wote, yaani 684. Lakini ni 400 tu. Angalia pia hivi: kati ya watu 3,600 wenye alama A, mmoja kati ya tisa ana alama B. Kati ya 6,400 wasio na alama A, wenye alama B ni karibu mmoja kati ya wanne. Kila nakala iliyokwisha kukaliwa na A ni nafasi ambayo B imeikosa. Kuzuiana kwa ndani kumetoka nje kama utegemezi, ingawa alama zenyewe zinaweza kukaa kwa mtu mmoja.

Tofauti hii haikuishia kwenye karatasi. Kwa pendekezo la kale, mzazi wa kundi AB akizaa na wa kundi O, mtoto wa kundi O aliwezekana. Kwa maelezo ya Bernstein mtoto huyo atakuwa A au B, kwa sababu mzazi wa AB hana nakala ya O ya kumpa. Familia zilizopimwa baadaye zilimpa Bernstein haki. Ipo mifano michache sana inayokiuka maelezo hayo, kama ile hali adimu ambapo nakala moja hutengeneza alama A na B kwa pamoja, na hapo kuzuiana kwenyewe huvunjika.

Kuna mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza husema: vitu visivyokutana kamwe vitategemeanaje? Swali hili linachanganya kukutana na kuhusiana. Katika hesabu za uwezekano, kutegemeana ni habari: kujua hili kunabadilisha unachokijua juu ya lile. Kabla ya kupima, mtu wa jamii yetu ana uwezekano wa asilimia 15 kuwa wa kundi B. Akishajulikana kuwa ni wa kundi A, asilimia hizo 15 zinaanguka hadi sifuri. Hakuna habari inayoweza kuushusha uwezekano chini ya hapo. Lawama nyingine naipeleka kwa ile michoro ya duara mbili zisizogusana, maana jicho huusoma mwachano wake kama uhuru. Uhuru hauonekani kwenye mchoro wa aina hiyo, kwa kuwa unategemea ukubwa wa sehemu ya pamoja ukilinganishwa na ukubwa wa duara zenyewe.

Dadu linaonyesha jinsi jicho lisivyotosha. Kupata namba shufwa na kupata namba isiyozidi 2 ni matukio huru: uwezekano wake ni nusu na theluthi, na la pamoja, yaani kupata 2, ni sehemu moja ya sita. Badili la pili liwe namba isiyozidi 3. La pamoja bado ni 2 peke yake, sehemu moja ya sita, lakini zao sasa ni robo. Uhuru umetoweka, na hakuna mtu angeuona ukiondoka bila kupiga hesabu. Kuzuiana hujulikana kwa kukagua orodha ya matokeo. Uhuru hujulikana kwa kuzidisha na kulinganisha, au kwa kujua namna jaribio lilivyopangwa.

Pingamizi la pili ni kwamba tumekiri hali moja ya kipekee: tukio lenye uwezekano wa sifuri. Ni kweli, na si lazima tukio hilo liwe lisilowezekana. Urefu wa mtu ukichukuliwa kama kipimo endelevu, uwezekano wa kuwa sentimita 170 kamili, bila hata chembe ya ziada, ni sifuri, na vivyo hivyo 171 kamili. Matukio hayo mawili yanazuiana na pia ni huru kwa mujibu wa fasili. Lakini uhuru huo ni wa karatasi tu, kwani hakuna kipimo cha mtaalamu yeyote kinachofikia usahihi huo, na mara tu unaposema kati ya 169.5 na 170.5 uwezekano unakuwa halisi na sifa moja lazima iondoke.

Kwa waandishi wa vitabu na walimu nina ombi moja: andikeni matukio yanayozuiana, myaache yasiyoingiliana na yanayotengana, na msifundishe kanuni ya kujumlisha bila kuweka kando yake, katika mfano huohuo, jaribio la kuzidisha linaloshindwa.