Sura ya Mtema Towegale na Barua ya Kuomba Ruhusa

Mwaka 1935 kampuni ya George Allen & Unwin ya London ilichapisha kitabu kiitwacho Ubena of the Rivers, juu ya Wabena wa Bonde la Kilombero, bonde hili ninamoishi, hapa Chita chini ya milima ya Udzungwa. Waandishi wakuu ni A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick. Lakini ukurasa wa jina la kitabu unaeleza pia kwamba imo sura iliyoandikwa na Mtema Towegale Kiwanga. Jina hilo la tatu huelekea kudondoka njiani. Tanbihi husema "Culwick, 1935", na maneno ya mtawala wa Wabena yakahesabiwa kuwa ya mgeni.

Ninaandaa kijitabu cha historia ya bonde kwa wanafunzi wa sekondari, na nataka kurasa mbili za sura hiyo zimo nzima. Kwa sentensi mbili tatu nisingeandika barua: Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki, madhali chanzo na jina la mwandishi vimetajwa. Kurasa mbili ni jambo jingine. Chati nayo, hata ikiwa ndogo kama kiganja, haina kipande cha kudondoa. Ukiichukua umeichukua yote. Washairi wenzangu wakumbuke kwamba shairi la beti tatu liko katika hali hiyo hiyo. Hata hivyo, habari zilizomo katika chati ya nasaba, kwamba fulani alimzaa fulani, hazina mwenyewe. Kinacholindwa ni mchoro na mpangilio. Anayewauliza wazee na kuchora nasaba upya haombi ruhusa ya mchapishaji, ingawa adabu yamtaka aseme alikoanzia.

Je, umri wa kitabu hautoshi? Hautoshi. Hapa Tanzania ulinzi huendelea miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, na Uingereza miaka 70. Kazi ya pamoja huhesabiwa tangu kifo cha mwandishi aliyebaki mwisho. Kwa hiyo mwaka 1935, peke yake, hauthibitishi lolote.

Kazi iliyo ngumu ni kumpata wa kuombwa. George Allen & Unwin haipo tena kwa jina lile. Mwaka 1986 iliungana na Bell & Hyman ikawa Unwin Hyman, na mwaka 1990 Unwin Hyman ikanunuliwa na HarperCollins. Vitabu vyake havikwenda vyote mahali pamoja, na haki ya kitabu kilichokwisha kuacha kuchapwa huweza kurudi kwa mwandishi au warithi wake. Ndiyo maana barua ya kwanza huulizia kwanza mwenye haki, kisha huomba. Yangu nimeiandika hivi:

"Kwa Idara ya Ruhusa. Naomba ruhusa ya kuchapa upya kurasa mbili, ambazo nakala yake nimeambatanisha, kutoka sura ya Mtema Towegale Kiwanga katika Ubena of the Rivers, George Allen & Unwin, 1935. Zitatumika katika kijitabu cha kufundishia historia, cha Kiswahili, nakala 200 za karatasi, zitakazogawiwa bila malipo katika shule za Bonde la Kilombero. Hazitawekwa mtandaoni. Maneno hayatabadilishwa, tafsiri ya Kiswahili itawekwa kando yake, nayo pia naiombea ruhusa. Ikiwa haki hii si yenu, tafadhali nijulisheni ni ya nani."

Sehemu ya tafsiri ndiyo inayosahaulika mno. Kutafsiri ni haki ya peke yake, na mwenye kuruhusiwa kuchapa hajaruhusiwa kutafsiri. Idadi ya nakala nayo si pambo: ruhusa hutolewa kwa matumizi yaliyotajwa, na anayechapa nakala 1,000 kwa ruhusa ya 200, au akaziweka mtandaoni baadaye, amekwisha kutoka nje ya ruhusa yake. Ukimya nao si ruhusa. Jibu la kwamba "haki si yetu" lihifadhiwe pamoja na barua, kwa kuwa laonyesha njia uliyoipita, lakini halikupi kibali. Linakutuma kwa mwingine tu.

Barua yangu inamalizia kwa maneno ya shukrani yatakayochapwa chini ya kifungu chenyewe, wala si nyuma ya jalada: "Kutoka sura ya Mtema Towegale Kiwanga, katika A. T. na G. M. Culwick, Ubena of the Rivers, London, George Allen & Unwin, 1935. Kimechapwa kwa ruhusa ya", kisha nafasi tupu ya jina la mwenye haki. Mchapishaji aweza kutaka maneno yake mwenyewe, na nitayafuata. Nimemwomba jambo moja tu, kwamba vyovyote atakavyoyapanga, jina la Mtema litangulie.