Njaa Iliyotangulizwa: Sababu na Matokeo ya Vita vya Maji Maji katika Jibu Fupi

Swali ni la kawaida katika mitihani ya Historia: eleza kwa ufupi sababu nne za Vita vya Maji Maji. Jibu lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mafungu ya karatasi atalitambua. Mwanafunzi ameandika kwamba, kwanza, Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba. Pili, kulikuwa na njaa kali kusini kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa moto. Tatu, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile. Nne, Gavana Rechenberg alibadilisha sera ya kilimo.

Hakuna hoja hata moja ya kubuni katika jibu hilo. Yote manne yalitokea, na yote yanahusu vita hivyo. Hapo ndipo msahihishaji anapopata shida: anamwona kijana aliyesoma, anayejua majina na mambo, lakini aliyeyapanga kama mtu anayesimulia safari kwa kuanzia kituo cha mwisho. Wengi huweka alama ya vema kwenye hoja ya kwanza, wakazikata tatu zilizobaki kwa wino mwekundu na kuendelea na karatasi nyingine. Kukata huko kunaonyesha kwamba pana kosa tu. Hakumwambii mwanafunzi ni kosa la aina gani, na katika jibu hili makosa hayafanani.

La Rechenberg ndilo jepesi. Kilimo cha pamba cha lazima kilianza mwaka 1902, wakati gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alikuwa Gustav Adolf von Götzen. Katika wilaya za pwani, watu walitakiwa kufanya kazi kwenye shamba la pamoja chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, na malipo yalikuwa duni kiasi kwamba baadhi yao waliyakataa. Vita vililipuka Julai 1905, Götzen akiwa bado madarakani. Albrecht von Rechenberg alishika nafasi hiyo mwaka 1906, ndipo serikali ilipoegemea zaidi kumwacha mkulima Mwafrika alime zao la biashara kwenye shamba lake mwenyewe kuliko kumswaga kwenye shamba la pamoja. Kwa hiyo aliyeng'oa pamba mwaka 1905 hakuwa akiipinga sera ya mtu ambaye bado hajawa gavana. Hapa tarehe mbili zinatosha kumaliza shauri.

Ni rahisi pia kuona kosa hilo linatoka wapi. Vitabu vingi vya kiada huweka orodha ya sababu ukurasa mmoja na orodha ya matokeo ukurasa unaofuata, na maneno ni yale yale katika orodha zote mbili: pamba, kodi, kazi ya lazima, sera ya kilimo, njaa. Anayekariri hubaki na neno lakini hupoteza ukurasa. Katika chumba cha mtihani, «sera ya kilimo» humjia bila mwaka na bila mtendaji, naye huiweka penye nafasi.

Hoja ya Kinjikitile ni ngumu kidogo, na ndiyo inayoonyesha kwamba tarehe pekee haitoshi. Mganga huyo wa Ngarambe alianza kugawa maji ya dawa mwaka 1904, na habari zake zikaenea kwa kunong'onezana kutoka kijiji hadi kijiji. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba, kitendo kinachohesabiwa kuwa tangazo la vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Ukitumia kalenda tu, kunyongwa kwake kunakuja baada ya vita kuanza, hivyo hakuwezi kuwa sababu, na kalamu nyekundu ina haki yake.

Lakini vita gani? Siku ile ya Agosti mapigano yalikuwa bado yako karibu na vilima vya Umatumbi. Katikati ya mwezi huo askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa njiani katika eneo la Liwale. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Mahenge wakakutana na risasi za bunduki za rashasha. Wangoni waliingia Septemba. Maji Maji haikuwa siku moja bali miezi mingi juu ya nchi pana sana, na jambo linaweza kuwa tokeo la hatua ya kwanza huku likiwa ndani ya mnyororo ulioleta hatua ya pili. Kunyongwa kwa Kinjikitile kulifuata kulipuka kwa vita Umatumbi. Kama kulichangia kuvisambaza, hilo ni dai jingine, na anayelitoa anapaswa kuonyesha kwamba waliojiunga baadaye walisukumwa na kifo hicho. Dawa yenyewe ilikuwa imeshavuka mipaka mikononi mwa wajumbe, nao hawakungoja habari za kitanzi.

Hapo lawama inamrudia mtunga swali. Kuuliza «sababu za Vita vya Maji Maji» kana kwamba vita ni nukta moja ni kumtegea mwanafunzi. Swali la haki zaidi lingeuliza kwa nini vita vilianza Umatumbi mwaka 1905, au kwa nini Wangoni walijiunga. Majibu ya maswali hayo mawili hayafanani. Pamba ya shamba la pamoja ilikuwa adha ya wilaya za pwani na jirani zake, si ya Ungoni. Wangoni walikuwa na yao: utawala wao ulivunjwa mwaka 1897, watawala wao walipoteza mamlaka juu ya watu waliowategemea kwa kazi, na mmisionari wa Peramiho alikuwa amechoma kibanda cha mizimu cha Nkosi Mputa. Hata ile hoja ya kwanza, ya pamba, iliyopewa vema bila kusita, ni kweli Nandete lakini haimwelezi mpiganaji wa Songea. Sababu ina mahali pake kama ilivyo na mwaka wake.

Sasa njaa. Katika hoja ya pili, mwanafunzi amejifunga mwenyewe kwa kutaja chanzo: mashamba na maghala yaliyochomwa. Yaliyachoma majeshi ya Götzen, baada ya uongozi wa kijeshi kuona kwamba wapiganaji wanaojificha porini hawatashindwa kwa bunduki peke yake. Vijiji viliteketezwa, chakula kikachukuliwa au kuharibiwa, watu wakashindwa kupanda. Makadirio rasmi ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000, naye mwanahistoria G. C. K. Gwassa aliyafikisha kati ya 250,000 na 300,000, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ililetwa na njaa na maradhi. Njaa hii ni tokeo, tena tokeo lililokusudiwa. Kuigeuza kuwa sababu kunaleta hasara kubwa kuliko alama mbili za mtihani, kwa maana kunamwondoa mtendaji. Njaa inabaki kama ukame ulioshuka wenyewe, watu wakaasi kwa kukosa chakula, na jeshi lililochoma maghala halionekani tena.

Hata hivyo, msahihishaji aliyezoea kukata kila neno «njaa» chini ya kichwa cha sababu anaweza kuteleza naye. Mwaka 1997 mwanahistoria Thaddeus Sunseri alichapisha utafiti kuhusu Uzaramo uliolirudisha neno hilo upande wa pili. Alionyesha kwamba kabla ya 1905 kazi za lazima na masharti ya serikali kuhusu uwindaji viliwazuia wanaume kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori. Mavuno yaliliwa, na mzigo wa kuikimu kaya ukawaangukia wanawake. Upungufu huo wa chakula ulitangulia vita na ulihusiana na manung'uniko yaliyovizaa. Mwanafunzi angeandika «njaa iliyotokana na nguruwe pori kuharibu mashamba ya Uzaramo kabla ya 1905», angestahili alama yake yote.

Basi neno moja linaweza kukaa pande zote mbili. Kinachoamua ni njaa ipi, ilikuwa wapi, nani aliisababisha na lini. Njia anayoweza kufundishwa kijana wa kidato cha pili ni kumsimamisha mtu wa wakati ule mbele yake. Amweke mkulima wa Nandete asubuhi ya siku ile ya Julai 1905, kisha kila hoja aijaribu kwake: je, mtu huyu alikuwa ameshaliona jambo hili, ameshalisikia, au limeshamuumiza? Shamba la pamba la akida, ndiyo. Kodi, ndiyo. Maji ya Ngarambe, ndiyo, na hayo ndiyo yaliyompa ujasiri wa kufanya alilokuwa akilitamani. Ghala lililochomwa na askari, bado. Kitanzi cha Mohoro, bado. Rechenberg hajawahi hata kumsikia. Kila jibu la «bado» linahamia kwenye orodha ya matokeo, au linasubiri kuthibitishwa kwa hatua ya baadaye ya vita. Jaribio hili lina upungufu wake, kwa sababu kujua mtu anajua nini si sawa na kujua nini kilimsukuma. Lakini hutenganisha yasiyowezekana na yanayowezekana, na jibu fupi halihitaji zaidi ya hapo.

Wanafunzi hawako peke yao katika kugeuza mambo. Götzen mwenyewe, katika kitabu alichochapisha mwaka 1909, aliwanyooshea kidole waganga na njama zao, na mtu anaelewa kwa nini: gavana aliyelazimisha pamba hakuwa na hamu ya kuikuta pamba juu ya orodha. Upande wa pili, Julius Nyerere alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956 aliieleza Maji Maji kuwa upinzani wa watu wasiokubali kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala. Kwa mwanasiasa aliyekuwa akidai uhuru, maneno hayo yalikuwa na kazi halali. Lakini yalipoingia vitabuni yakawa «uzalendo», na umoja wa makabila ukapandishwa kuwa sababu. Wapogoro, Wamatumbi na Wangoni hawakuanza na taifa. Kumbukumbu ya kupigana na kufa pamoja ndiyo iliyokuja kutumika, nusu karne baadaye, kuwajengea watu fikra kwamba wao ni taifa. John Iliffe aliandika mwaka 1967 kuhusu namna dawa ilivyoupa upinzani mpangilio unaovuka mipaka ya kabila, na huo ni umoja wa aina yake. Ni njia iliyovieneza vita, tofauti na kilio kilichovianzisha.

Kwa hiyo jibu la mwanafunzi linaweza kuokolewa bila kutupwa lote. Pamba inabaki, ikiongezewa «katika wilaya za pwani, tangu 1902». Njaa inabaki kama atataja nguruwe pori wa Uzaramo, na ile ya maghala inahamia kwenye swali linalofuata la matokeo pamoja na Rechenberg. Mahali pa Kinjikitile aliyenyongwa anakaa Kinjikitile aliye hai, akigawa maji Ngarambe mwaka mmoja kabla. Hapo ana sababu tatu, na ya nne ni kodi, ambayo hakuwa ameitaja kabisa.