Kani ya Mkato na Momenti ya Mpindo: Gogo Juu ya Duara

Kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama yale ya Nyarugusu na Lwamgasa mkoani Geita au ya Kahama mkoani Shinyanga, viroba vya mawe hutolewa shimoni kwa kamba. Chukua duara ambalo kamba yake inapita kwenye roda, na roda imefungwa kwenye gogo lililolazwa juu ya mdomo wa shimo. Gogo hilo ni mfano halisi wa kile wahandisi wanachokiita boriti sahili: ncha zake mbili zimeegemea tu ukingoni, hazikukazwa. Roda nayo hulibana gogo mahali pamoja, na huo ndio mzigo wa nukta.

Ndani ya gogo mzigo huo huzaa mambo mawili. La kwanza ni kani ya mkato, ambayo mafundi wengi huiita shia fosi: kani inayotaka kuteremsha upande mmoja wa gogo na kuuacha wa pili juu, kana kwamba limekatwa wima. La pili ni momenti ya mpindo, yaani bendingi momenti: nguvu ya kulikunja gogo, ambayo hubana nyuzi za mti upande wa juu na kuzivuta za upande wa chini. Kani hupimwa kwa nyutoni, momenti kwa nyutoni mita. Michoro yake huonyesha ukubwa wa kila moja katika kila sehemu ya gogo.

Tuseme umbali kati ya kingo ni mita 3, na roda iko mita 1 kutoka ukingo wa kushoto. Kiroba kina kilo 60, yaani takriban nyutoni 600. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Anayevuta kamba kuelekea chini naye anavuta kwa nyutoni 600, kwa hiyo roda inalielemea gogo kwa nyutoni 1,200.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mijibizo, yaani kani ambazo kingo zinasukumia gogo juu. Pima momenti kuuzunguka ukingo wa kushoto: 1,200 mara mita 1, gawanya kwa mita 3, unapata 400. Hiyo ni sehemu ya ukingo wa kulia. Nyutoni 800 zinazobaki zinabebwa na ukingo wa kushoto, ulio karibu na mzigo.

Sasa chora gogo, na chini yake mistari miwili ya sifuri yenye urefu uleule. Kwenye mstari wa kwanza anzia kushoto: panda hadi 800, kisha nenda sambamba mpaka chini ya roda, kwa kuwa njiani hakuna mzigo mwingine. Hapo shuka 1,200 kwa mkupuo hadi hasi 400, endelea sambamba hadi ukingo wa kulia, halafu panda 400 urudi sifuri. Usiporudi sifuri, mijibizo yako ina kosa.

Mstari wa pili ni wa momenti. Kwenye kingo ni sifuri, maana gogo halikukazwa. Kutoka kushoto hupanda kwa mstari mnyoofu hadi chini ya roda, ambako ni 800 mara mita 1, yaani nyutoni mita 800. Hakiki kutoka kulia: 400 mara mita 2 ni 800 ileile. Umbo ni pembetatu, na kilele chake kiko pale kani ya mkato inapovuka sifuri.

Kilele hicho ndicho cha kuangalia. Fundi akichonga gogo la sentimita 15 ili kamba ya roda isiteleze, na likabaki sentimita 12 za kipenyo, uwezo wake wa kuhimili mpindo hushuka karibu nusu, tena mahali penye momenti kubwa kuliko kote. Ufa wa hatari utauona upande wa chini, chini ya roda, nyuzi zinapovutwa.

Jambo la pili ni kingo. Udongo ukimomonyoka sentimita 30 kila upande, umbali unakuwa mita 3.6 na momenti chini ya roda hufikia karibu 1,000, ongezeko la robo, ingawa kiroba ni kilekile.

Hesabu hii haijagusa uzito wa gogo lenyewe, wala mshtuko wa kamba inayokwama kisha kuachia ghafla, ambao unaweza kuzidisha mzigo sana. Basi pima umbali kutoka pale gogo linapoegemea kweli, si urefu wa gogo, na kabla ya kila zamu kagua upande wa chini wa gogo, penye roda. Ukiona ufa, badilisha gogo.