Konsoli ya majaribio

Konsoli ya majaribio ni kisanduku cha kuandikia amri ndani ya mchezo wa kompyuta, ambacho mtengenezaji hukitumia kufika haraka sehemu anayotaka kuikagua. Katika Half-Life 2, mchezo wa Valve wa mwaka 2004, hufunguliwa kwa kitufe cha `~` baada ya kuruhusiwa kwenye mipangilio.

Anayejaribu pambano la kwenye mifereji halazimiki kucheza tangu mwanzo. Huandika amri hizi moja baada ya nyingine, akisubiri ramani ifunguke kabla ya kuomba silaha:

```
sv_cheats 1
map d1_canals_05
give weapon_smg1
cl_showpos 1
```

Amri ya mwisho huonyesha juu ya picha mahali mchezaji alipo, anakoelekea na kasi yake. Akinasa ukutani, tarakimu za mahali huandikwa kwenye ripoti, na mwenzake huzirudia kwa `setpos` ili afike palepale.

Njia hii ina kasoro moja: anayeruka hatua hapiti mlangoni mwa ramani iliyotangulia, hivyo hitilafu za kuhamisha silaha na afya hazionekani. Kwa hiyo jaribio la mwisho huchezwa tangu mwanzo, bila amri yoyote.