Ndugu Yako Kijijini Analia Tumbo Usiku: Maswali ya Kumuuliza kwa Simu na Jinsi ya Kumtafutia Usafiri

Simu ikiingia usiku kutoka kijijini, kawaida maneno huwa ni yale yale: "Tumbo linaniua." Aliye mjini hawezi kumwona wala kumshika mgonjwa, lakini anaweza kuuliza maswali yatakayoonyesha kama ni safari ya usiku huo huo.

Chukua mfano wa dada wa miaka 26 anayempigia kaka yake aliye Dar es Salaam saa 2 usiku. Maumivu yalimwanza mchana, ghafla, chini ya kitovu upande wa kushoto. Mama mkwe anasema ni chango tu, anywe dawa ya mizizi alale, asubuhi litatulia.

Swali la kwanza: siku zake

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, jambo la kuuliza mapema ni lini alipata hedhi mara ya mwisho. Shida ni kwamba huenda hawezi kulijibu mbele ya wakwe au wazazi. Kwa hiyo kaka anamwambia: "Dada, nijibu ndiyo au hapana tu. Siku zako zimechelewa?" Anajibu ndiyo. "Umeona damu kidogo?" Ndiyo.

Hapo ndipo hofu ya mimba iliyotunga nje ya kizazi inapokuja. Mara nyingi mimba hiyo hukaa kwenye mrija wa uzazi. Ikiendelea kukua mrija unaweza kupasuka, na damu ikavuja ndani ya tumbo bila mtu yeyote kuiona nje. Ile damu kidogo huwadanganya wengi wakadhani ni hedhi ya kawaida. Hata anayetumia uzazi wa mpango anaweza kuipata.

Swali la pili: hali ya mwili

Sasa simu apewe mtu mwingine aliye pale amwangalie mgonjwa. Je, akiinuka kukaa anasikia kizunguzungu au anataka kuzimia? Mikono ni ya baridi na ina jasho? Ndani ya kope ya chini pamepauka? Bega linamuuma ilhali hakuumia? Maumivu hayo ya bega hutokea damu iliyovuja inapogusa sehemu ya juu ya tumbo.

Mapigo ya moyo yahesabiwe kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Yakizidi 100 akiwa amelala ametulia, ni dalili mbaya. Ila yakiwa chini ya hapo, bado haina maana kwamba yuko salama.

Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni safari sasa hivi. Hata bila dalili hizo, siku zilizochelewa pamoja na maumivu makali ya upande mmoja zinatosha kuondoka usiku huo. Simu inaweza kukwambia "mpeleke". Haiwezi kukuhakikishia kwamba anaweza kusubiri.

Usafiri na wapi pa kwenda

Tanzania kuna mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura. Namba ni 115, haina malipo. Ni vizuri apige aliye na mgonjwa, maana ndiye atakayeulizwa hali yake na mahali alipo. Aseme wazi kwamba huenda ni mjamzito, ana maumivu makali na anataka kuzimia. Gari la wagonjwa lisipopatikana, mfumo huo hutumia pia madereva wa kijamii waliosajiliwa.

Wakati huo huo kaka anampigia mwenyekiti wa kitongoji amtafutie mwenye gari au bajaji. Anaongea na dereva mwenyewe, anauliza kama ana mafuta, anamtumia nusu ya nauli kwa simu na nusu nyingine wakifika. Bodaboda iwe njia ya mwisho kabisa, kwa sababu anayezimia anaweza kuanguka. Mgonjwa huyu anatakiwa kusafiri amelala.

Kosa linalopoteza muda ni kupitia zahanati, kwani haifanyi upasuaji. Mhudumu wa zahanati apigiwe aseme ni kituo cha afya kipi au hospitali ipi ina daktari wa kupasua na damu usiku huo. Kama kituo cha karibu hakina, wapitilize hadi hospitali ya wilaya.

Kabla ya kuondoka

Asile wala asinywe chochote, maana huenda akafanyiwa upasuaji. Mizizi, dawa za kuharisha na kukandwa tumbo viachwe. Waende ndugu wawili wenye afya, huenda wakahitajika kuchangia damu. Wakifika, neno la kwanza mapokezi liwe: "Siku zake zimechelewa, tumbo linamuuma sana na anazimia." Wasianze na habari za chango.