Toyota Si Wimbo

Mwaka jana mpwa wangu wa Korogwe alinitumia video ya dakika sita. Yuko uani kwao Manundu, anafundisha dansi waliyocheza babu na bibi zetu. Chini yake kaandika mistari mitatu:

Wimbo: Toyota (Jamhuri Jazz)
Hatua: rumba
Kiwango: wanaoanza

"Mjomba, niangalizie kabla sijairusha," akaniambia. Niliona iko sawa tu. Wiki ileile nilikuwa na kazi Handeni, nikamwonyesha mzee mmoja ambaye bado ana santuri zake kabatini. Baada ya shikamoo na marahaba, akavaa miwani, akasoma, akacheka.

"Toyota si wimbo, mwanangu. Toyota ni mtindo. Huyo mtoto atawatuma watu dukani kutafuta kitu ambacho hakipo."

Kumbe mstari wa kwanza tu ulikuwa na kosa, na kosa lenyewe lina historia. Miaka ya 1960 na 1970 bendi zetu ziligombania mashabiki, na kila moja ilijitenga na mwenzake kwa mtindo: mapigo yake, uchezaji wake, na jina lake. Tanga mjini Jamhuri Jazz walikuwa na Toyota, Atomic Jazz wakawa na Kiweke. Western Jazz wa Dar es Salaam walikuwa na Saboso. Baadaye Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, ikachukua jina la Sikinde kutoka kwenye ngoma ya Wazaramo. Mtindo mmoja ulibeba nyimbo nyingi. Ukisema "leo tunacheza Kiweke", umeshamwambia mtu ni bendi gani na miguu iende vipi, lakini wimbo bado hujautaja.

Mstari wa pili nao ulikuwa na shida yake. Neno "rumba" mpwa wangu alilitoa kwenye picha ya lebo ya santuri. Lebo za wakati ule ziliandika jina la wimbo, bendi, mara nyingi mtunzi, na aina ya mapigo: rumba, cha-cha-cha, twisti. Hayo ni mapigo. Hatua ni kitu kingine. Anayeanza akisoma "rumba" hajui aanze na mguu gani. Kwa hiyo tuliiandika hatua yenyewe, kama mzee alivyotuonyesha sebuleni huku kashika kiti: mguu wa kulia pembeni, wa kushoto unaufuata, uzito unahama, halafu unarudi upande wa pili. Hesabu ni nne. Tukaongeza kwamba "kulia" ni kulia kwa mwanafunzi, maana mwalimu ameikabili kamera na kulia kwake kunaonekana kushoto.

Kilichonigusa zaidi ni mstari wa tatu. Nyimbo nyingi za dansi zina sehemu mbili. Kwanza waimbaji wanasimulia kisa, polepole. Kisha sauti zinapungua, magitaa yanashika usukani, mwendo unakaza. Sehemu hiyo ya pili inaitwa chemko, na jina linajieleza. Santuri ndogo ya mwendo wa 45 haikutosha wimbo mrefu, kwa hiyo mara nyingi uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili ukigeuza. "Sisi wageni tulicheza upande wa kwanza," mzee akasema. "Wakigeuza, tunakaa, tunatazama wenyewe wanavyocheza." Kiwango cha mchezaji kilikuwa kwenye santuri yenyewe, bila mtu kukiandika.

Video ya mpwa wangu ilitumia wimbo mzima uliounganishwa. Dakika tatu za mwanzo zilimfaa kweli anayeanza. Ilipofika chemko, hata yeye mwenyewe alipoteza hesabu mara mbili, nami nilikuwa nimedhani ni madoido. Mtu angejifunza nusu ya kwanza vizuri, akashindwa nusu ya pili, akajiona hana miguu.

Akaandika upya. Wimbo: jina kama lilivyo kwenye lebo. Bendi: Jamhuri Jazz, Tanga. Mtindo: Toyota. Mapigo: rumba. Hatua: ile ya hesabu nne, kwa maneno kamili. Kiwango: wanaoanza, hadi dakika ya tatu, chemko ni kwa waliozoea.

Nilimpelekea mzee maelezo mapya kwa simu. Akasoma polepole, akaniuliza kama naweza kumwongezea mwandiko uwe mkubwa, akasoma tena.

"Sasa hapo," akasema, "hata mimi ningejua nikae wakati gani."